Siku Mbili Kabla ya Hodi

Mlango wa nyumba ya nyuma ulifunguka, na Kavuo akainua mwiko.

Mnakumbuka tulimwacha wapi wiki iliyopita. Alikuwa amekatiza ua wake mwenyewe, mwiko wa fufu mkono wa kulia, simu ya mumewe mkono wa kushoto. Kwenye simu ile palikuwa na ujumbe uliomchoma tangu alipousoma. Ulitoka kwa Rébecca, muuza samaki aliyepanga nyumba yao ya nyuma tangu Pasaka, msichana mzima asiye na mume.

Ujumbe wenyewe ndio huu, kwa wale walioazima gazeti la jirani wakakosa lile la wiki iliyopita: "Papa Solange, jana uliingia tena kwangu bila kunijulisha. Tulipatana utakuwa unanijulisha siku mbili mbele, nijitayarishe. Naomba uheshimu mapatano yetu."

Nijitayarishe! Neno hilo moja lilimtosha Kavuo. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kupewa hata dakika ya kujitayarisha, na huyu anadai siku mbili.

Sasa Rébecca alisimama mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama hewani. Kavuo aliitazama ile nusu iliyosukwa na damu ikampanda.

"Naona umeanza kujitayarisha," alisema. "Ile nusu ingine ni ya kesho?"

"Mama Solange, bonjour. Sijasikia vizuri."

"Utanisikia. Leo ni siku ngapi mbele bwana yangu aingie?"

Rébecca aliiona simu, akauona na mwiko. Halafu akafanya jambo ambalo Kavuo hakulitarajia hata kidogo. Alipiga makofi kwa furaha.

"Donc ulisoma message! Asante Mungu! Nilifikiri mu hii parcelle hakuna hata mutu mumoja wa kunisikia. Mama, umuambie aache. Hii ni mara ya tatu anaingia."

"Ya tatu?" Mwiko ulishuka kidogo. "Na unaniambia mimi, bibi yake, bila haya?"

"Sasa nitaambia nani? Yeye hapana kujibu message. Nikimupigia anakata."

"Na akiingia munafanya nini?"

"Tunafanya nini vipi? Mi siko! Anaingia wakati mi niko ku Kyavinyonge kutafuta samaki. Angeingia nikiwa hapa, ningemuandikia nini ya bila kunijulisha?"

Wasomaji wangu, Kavuo ni mwanamke mwerevu. Anaweza kukuhesabia magunia ya kakao ya mumewe bila kalamu. Lakini wivu ukishakaa kichwani haumwachii mtu nafasi ya kuwaza, na ilimchukua muda kulielewa neno lile. Mumewe anaingia kwa Rébecca. Rébecca hayupo.

"Kama hauko," aliuliza polepole, "anakuja kufanya nini?"

"Hiyo njo swali yangu, mama. Ingia, usisimame na huo mwiko, batu ba avenue wanatazama."

Kavuo aliingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga humo tangu Rébecca ahamie, na harufu ya samaki wa chumvi ilimpokea mlangoni. Kulikuwa na beseni, jiko, kitanda kilichotandikwa vizuri kule chumbani, na kiti kimoja. Hakuona kitu cha mumewe. Alitazama hata chini ya kitanda, na mwenye kitanda alimwachia atazame.

"Tazama hiki kiti," Rébecca alisema. "Nikisafiri ninakiweka hapa chini ya dirisha. Mara zote tatu nimerudi na kukikuta kule, pembeni ya kitanda. Na jana nilikuta hii."

Akatoa uzi mrefu mweupe wenye mafundo mawili, kama wa kupimia kitu. Kavuo aliutambua kabla ya kuushika. Ulikuwa uzi wa kikapu chake mwenyewe cha kushonea.

"Na mara zote," Rébecca aliendelea, "chumba inanukia."

"Inanukia nini?"

"Marashi. Ya mwanamuke."

"Pengine ni yako."

"Mama Solange," Rébecca alicheka, "mi nauza samaki. Marashi gani itashinda hii harufu?"

Kavuo alikwenda kwenye pazia la chumba, akaliweka puani. Chini kabisa ya harufu ya samaki, ile ya marashi ilikuwepo. Tamu, nzito, ya bei. Aliijua. Shati la mumewe, Stanislas, lilikuwa limerudi nayo kutoka Beni, na yeye alipouliza, aliambiwa ni vumbi la kakao likikauka.

Basi akakaa juu ya kile kiti. Alikuja hapa akidhani mwizi wa mumewe ni huyu wa nyuma, na huyu wa nyuma alikuwa naye ameibiwa. Kulikuwa na mwingine. Na mumewe alimpitisha katika ua wake, mbele ya jikoni yake, akamwingiza katika chumba cha mtu asiyekuwepo. Wivu wake ulihama mtu tu, haukupungua.

"Nitabadilisha kufuli," alisema Rébecca. "Na loyer ya mwezi huu siwezi kulipa mupaka aache. Kesho asubui ninaenda ku bureau ya habitat, kule banaamua mambo ya nyumba."

"Unaenda kumushitaki bwana yangu?"

"Ninaenda kuomba aheshimu contrat. Ngoja nikuonyeshe."

Alifungua sanduku, akatoa karatasi za mkataba na kusoma kwa kidole: "Mwenye nyumba anaweza kuingia kutazama ao kutengeneza. Atamujulisha locataire siku mbili mbele. Ataingia wakati wa muchana, na locataire, ao mutu atakayemutuma, awe pale." Chini palikuwa na sahihi mbili na muhuri. Moja ya zile sahihi ilikuwa ya Stanislas, yenye mkia mrefu kama kawaida yake.

Na hapo, nawaambia, ndipo Kavuo alipomwonea Rébecca wivu wa kweli. Hakumwonea mume. Alimwonea ile karatasi. Muuza samaki aliyehamia Pasaka alikuwa na maandishi yanayomlazimisha Stanislas Kitsa kusema kabla ya kuingia. Yeye aliyemzalia Solange na wadogo zake, mwanamume alikuwa akiondoka na kurudi kama upepo. Nani alimjulisha yeye siku mbili kabla?

"Uende," alimwambia Rébecca. "Hata mimi nitakuja. Lakini marashi usitaje. Hiyo uniachie."

"Mais ile njo preuve yangu, ushahidi yangu!"

"Preuve yako ni kiti, ni uzi, na ni ile message. Marashi ni yangu."

Rébecca alimtazama usoni, akakubali.

*

Stanislas Kitsa alifika kwenye ofisi ya habitat na shati jeupe na uso wa mtu aliyeitwa kupewa tuzo. Alipomkuta mkewe amekaa kwenye benchi, tuzo ilimtoka usoni.

"Mama Solange? Weye hapa unafanya nini?"

"Nimekusindikiza, Papa Solange. Ao ningekujulisha mbele?"

Agent aliyewapokea aliitwa Phinées, mzee mtulivu mwenye koti zito, maana baridi ya Butembo asubuhi haina mchezo. Alitoa kopi ya mkataba iliyobaki ofisini, akaiweka kando ya ile ya Rébecca, akazilinganisha, kisha akamwambia Rébecca aseme.

Rébecca alisema bila kupiga kelele. Aliingiliwa mara tatu, na mara zote hakuwepo. Hakupewa habari hata moja. Alimwandikia mwenye nyumba baada ya kila mara, na hizi hapa message zenyewe na tarehe zake. Hakuna kilichopotea. "Mi hapana kumuita mwizi," alisema. "Ninaomba tu zile siku mbili tulipatana."

"Papa Stanislas, uliingia?" aliuliza Phinées.

"Niliingia. Nyumba ni ya nani? Nilijenga na jasho yangu, ufunguo ni yangu. Mutu anaomba ruhusa ya kuingia kwake?"

"Uko na pikipiki?"

"Niko nayo."

"Ukiipangisha kwa mutu wa taxi, akiwa mu njia na abiria yake, utamusimamisha na kupanda nyuma bila kuuliza, ju pikipiki ni yako?"

Stanislas alitengeneza kola ya shati lake jeupe.

"Pikipiki inabaki yako, mais kazi yake umeuza," Phinées alisema. "Na nyumba vilevile. Kuta ni zako. Kulala kwa amani mu zile kuta, huyu mama analipa kila mwezi. Ukiingia ovyo, unamuuzia kitu halafu unakichukua tena."

"Basi!" Stanislas alisimama. "Kama anataka préavis, ninamupa préavis! Miezi tatu, atoke!"

Rébecca aligeuka kumtazama Kavuo. Nyumba kama ile, karibu na soko na yenye bomba uani, angeipata wapi?

"Kaa, papa," Phinées alisema, na hakuinua sauti. "Unachanganya bintu mbili. Kuna préavis ya kutoka, na kuna habari ya kuingia. Ile ya kutoka inaandikwa, iko na sababu yake, na haiko fimbo ya kumupiga locataire ju amelalamika. Leo tunazungumuza ya kuingia. Uliingia ju ya nini?"

Hapo Stanislas alipata njia. Uso wake uling'aa.

"Urgence," alisema. "Paa ilikuwa inavuja. Nilisikia mayi inaanguka ndani, ningefanya nini? Ningengoja siku mbili nyumba ikioza?"

Phinées alitikisa kichwa kukubali. "Ile ni kweli. Moto ukiwaka, mayi ikipasuka, upepo ukibeba mabati, mwenye nyumba anaingia hata saa ile. Contrat haikatai. Anaingia, anaokoa, na siku ileile anamuambia locataire. Ulimuambia?"

"Nilisahau."

"Mara tatu?"

"Nilikuwa na mambo mingi. Kakao, safari za Beni..."

"Na mara hii ya mwisho, mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha sana."

Phinées aligeuka. Kwa upole kabisa aliuliza lile swali ambalo Stanislas hakuliona likija. "Mama Solange, weye unakaa mu parcelle. Siku ile mvua ilinyesha?"

Stanislas alimtazama mkewe, na macho yake yalikuwa yakimwomba. Kavuo aliyaona macho yale, na akakumbuka yalivyokuwa zamani, alipokuja kumsalimia kwao akiwa na baiskeli ya kuazima. Siku zile Kavuo alimwita Stani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Kwa watu alikuwa Stanislas, kwa wafanyabiashara Monsieur Kitsa, na baada ya mtoto wa kwanza hata yeye alianza kumwita Papa Solange. Lakini lile jina lilikuwa lake, alilitunza.

Angesema ilinyesha, Rébecca angeonekana mchokozi, Stanislas angerudi nyumbani anapiga mluzi, na kile chumba kingeendelea kunukia. Angesema haikunyesha, angemwaibisha mumewe mbele ya watu.

Marashi yalimjia puani hata pale alipokaa.

"Haikunyesha," alisema. "Siku ile nilianika mablangeti ya nyumba yote. Jua liliwaka mupaka jioni."

Stanislas aliinamisha kichwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya kuandika tu, na Phinées aliyaandika. Mwenye nyumba akitaka kuingia atatuma message siku mbili kabla. Atasema siku, saa ya mchana, kazi inayomleta, na ataingia na nani. Locataire atajibu. Asipoweza kuwepo, atamtuma mtu wake mwenye ufunguo. Saa ile ikiwa mbaya kwake, atapendekeza nyingine, lakini hatakataa kila mara, maana mwenye nyumba ana haki ya kuitazama na kuitengeneza nyumba yake. Ufunguo wa pili wa Stanislas ni wa moto na maji tu.

"Na weye mama," Phinées alimgeukia Rébecca, "loyer utalipa. Ukikata loyer, kesho utakuwa weye mwenye kosa, na hii yote itasahaulika. Kufuli hapana kubadilisha kimyakimya. Akiingia tena bila habari, unarudi hapa na message zako. Kutoka hapa, kuko tribunal, kwa hakimu."

Rébecca alikubali. Walitia sahihi wote wawili. Kavuo alisubiri, kana kwamba naye ataitwa kutia. Hakuna aliyemwita.

*

Jioni ile Stanislas hakula vizuri.

"Ulinipatisha haya," alisema mwishoni.

"Ju ya nini? Nilisema mvua haikunyesha. Mvua ni ya Mungu."

"Bibi ya mutu anasimama upande ya bwana yake."

"Nilisimama upande yako, papa. Ningekubali ile uongo yako, wangekuja kutazama paa na kukuta haina hata tundu."

Alimwona akilitafuna neno lile pamoja na fufu. Angeweza kumuuliza palepale: Nani ananukia mu ile chumba? Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alimjua mume wake. Angetoa vumbi la kakao, au fundi wa kike, au dada wa rafiki, na angeapa kwa jina la Bikira Maria, na asubuhi yule mwanamke wa marashi angekuwa ameshapigiwa simu asije tena. Kavuo hakutaka kiapo, alitaka kuona.

Akamwongezea mboga.

"Siku ya tatu mi siko," alisema kama mtu anayezungumza na sufuria. "Tuko na mukutano ya bamama ku paroisse. Asubui mupaka kisha saa sita. Nitakuachia chakula."

Stanislas aliacha kutafuna. "Mupaka saa sita?"

"Pengine hata saa nane. Unajua vile bamama tunazungumuza."

"Muzungumuze vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akanywa maji kwa raha.

Alitoka nje na simu yake. Kavuo alikaa jikoni, akaziacha sahani bila kuziosha. Alitaka mno kukosea. Mngemsikia alivyokuwa akiomba, mngemhurumia. "Asiandike," alisema. "Mungu wangu, asiandike."

Haukupita muda mrefu, Rébecca akagonga mlango wa jikoni, kitambaa kichwani, simu mkononi. Alimpa tu asome.

"Madame Rébecca, bonsoir. Kufuatana na mapatano yetu ninakujulisha siku mbili mbele. Nitaingia siku ya tatu, saa ine ya asubui. Kazi: kupima madirisha. Nitakuwa na mutu mumoja, Madame Faida wa Beni. Merci."

Hakukosea hata nukta. Siku, saa, kazi, mtu. Phinées angeisoma angefurahi.

Kavuo alisoma lile jina mara nyingi. Faida. Basi marashi yalikuwa na jina. Ile karatasi aliyoionea wivu jana ilikuwa imefanya kazi, na imemletea kitu ambacho miaka yote hakupewa: habari kabla ya kuingiliwa.

"Mama," Rébecca alinong'ona, "siku ile mi siko. Mutumbwi ya samaki inafika, lazima nishuke ku Kyavinyonge. Nimuandikie abadilishe siku?"

"Hapana."

"Niandike nini sasa?"

"Contrat inasema nini kama hauko?"

Rébecca alianza kujibu, akaishia njiani. Alimtazama Kavuo. Kisha alifungua kitenge chake kiunoni, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kona, akauweka kiganjani mwa mke wa mwenye nyumba.

"Ninakutuma," alisema. "Weye njo mutu wangu."

"Muandikie."

Rébecca aliandika huku akisoma kwa sauti ya chini: "Papa Solange, nimepata habari, nashukuru umeheshimu. Mi nitakuwa ku safari. Mutu wangu atakuwa munyumba kukufungulia."

Jibu lilirudi upesi. "C'est bon."

Hakuuliza ni nani. Mwanamume aliyekwisha kuaibishwa kwa kutosoma mkataba wake, na bado hakujifunza kuuliza. Mimi ningeuliza, nanyi mngeuliza.

*

Siku yenyewe ilipofika, Kavuo alivaa kitenge cha akina mama wa kanisa, akabeba kitabu cha nyimbo, akamuaga mumewe. Alitoka kwa lango la mbele, akazunguka kwa jirani, akarudi kwa uchochoro wa nyuma na kujifungulia nyumba ya Rébecca.

Alijifungia ndani. Alikiweka kiti katikati ya sebule, akakaa akiutazama mlango. Magotini aliweka ule uzi wenye mafundo mawili. Mwiko hakuubeba. Alikuwa ameufikiria, akauacha. Mtu aliyetumwa na locataire haendi kazini na mwiko.

Alikuwa ameandaa maneno. Atasema hivi, na huyo Faida atajibu hivi, na yeye atampiga kwa neno hili. Aliyapanga kama nguo kwenye kamba. Pengine, sauti moja ndogo ilimwambia, ni mpangaji mpya tu. Pengine anataka kumtoa Rébecca na kumweka mwenye pesa zaidi, kwa hiyo anamleta aone madirisha. Huo ungekuwa ubaya wa mwenye nyumba, ubaya wa ofisi ya Phinées. Kavuo aliushika ubaya ule kwa mikono miwili. Angeusamehe. Angeufurahia, hata.

Pikipiki ilisimama langoni. Ilizimwa. Alisikia hatua za mumewe, zile anazozijua hata usingizini, na nyuma yake hatua nyingine, nyepesi, za viatu vya kisigino kwenye kokoto zake. Zilipita mbele ya jikoni yake. Hazikusita. Zilikuwa zinaijua njia.

Marashi yalifika kabla yao, yakapenya chini ya mlango.

Kisha hatua zilisimama. Stanislas Kitsa, aliyekuwa akiingia humo kama upepo, alikuwa amesimama nje ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, ufunguo mfukoni, akikumbuka sahihi yake.

"Hodi," alisema.

Kavuo alifungua kinywa kumjibu. Maneno yake yote yaliyopangwa yalikuwepo, tayari. Alinyanyuka, akaushika mpini wa mlango.

Na hapo nje, karibu kabisa na ubao, sauti ya mwanamke ilicheka kidogo, sauti ya mtu aliyezoea, isiyo na haraka.

"Sema tena, Stani," ilisema. "Pengine hawajakusikia."